Meli Ikingoja Nanga Nje ya Kilindini, Siku Hizo Ni za Nani? Mwongozo wa Mkataba wa Safari, Mkataba wa Muda na Leitaimu

Kijana mmoja anayeanza kuagiza mbolea aliniletea simu yake ofisini, akanionyesha barua pepe ya dalali wa meli. "Ami," akasema, "bei nimeielewa. Haya mengine ya chini ni nini?" Haya mengine ya chini ndiyo haya:

```
30,000 MT UREA IN BULK, FIOST
DISCH 3,000 MT PWWD OF 24 CONSEC HRS SHEX UU
NOR WIPON WIBON WIFPON WCCON
DEM USD 14,000 PDPR / FREE DESPATCH
GENCON 94
```

Nilimwambia, mwanangu, bei umeielewa nusu. Nusu ya pili imo humo ndani. Bei ya tani huwa imeshapatanwa na haibadiliki, lakini mistari hii ndiyo inayoamua nani atalipa meli ikikaa. Na meli ya shehena ya kichele, yaani mzigo unaomiminwa tumboni mwa meli bila magunia, Mombasa hukaa. Ukisimama Mama Ngina asubuhi unaziona zimetia nanga nje, zinangoja gati. Kila siku moja ya kungoja ni maelfu ya dola, na kuna mtu anayezilipa.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Tutachukua shehena moja, tani 30,000 za urea kutoka Ghuba hadi Mombasa, tuipige hesabu kwa mikataba miwili, halafu tuhesabu saa za gati moja baada ya nyingine. Bei nitakazotumia nimeziweka kwa ajili ya mfano. Soko hubadilika kila siku. Njia ya hesabu ndiyo ya kushika.

Hatua ya kwanza: jua unakodi nini

Katika mkataba wa safari, unanunua kazi. Mwenye meli anaahidi kuchukua tani 30,000 kutoka bandari moja hadi nyingine, nawe unamlipa nauli kwa tani. Mafuta ya meli ni yake, mishahara ya mabaharia ni yake, ada za bandari zinazotozwa meli ni zake. Akipigwa na mawimbi njiani akachelewa siku mbili, hasara ni yake. Nauli yako haisogei hata senti.

Katika mkataba wa muda, unakodi meli yenyewe pamoja na watu wake, kwa siku. Mwenye meli analipa mabaharia, bima ya meli, matengenezo na vipuri. Wewe unalipa kodi ya kila siku, unanunua mafuta, unalipa ada za bandari zote mbili, na unamwelekeza nahodha aende wapi apakie nini. Kodi hulipwa mapema, kwa kawaida kila siku 15, na ukichelewesha malipo mwenye meli anaweza kuiondoa meli mikononi mwako kwa masharti ya mkataba. Si lazima ukodi mwaka mzima. Unaweza kukodi kwa mtindo huu kwa safari moja tu: unapokea meli bandari ya kupakia na kuirudisha rubani anaposhuka baada ya kutoka Kilindini, bandari ya Mombasa.

Fomu inayotumika sana kwa mkataba wa safari ni GENCON, ya shirika la wenye meli liitwalo BIMCO. Toleo la 1994 ndilo unalolikuta katika barua pepe nyingi, ingawa kuna jipya la 2022. Kwa mkataba wa muda wa meli za kichele utaiona NYPE, na hiyo nayo ina matoleo: 1946, 1993, 2015. Daima uliza toleo gani, kwa sababu maneno yanatofautiana na pesa hufuata maneno.

Tofauti ya ndani kabisa ya mikataba hii miwili ni moja: muda ni wa nani. Katika mkataba wa muda, saa inapita mfukoni mwako tangu unapoipokea meli hadi unapoirudisha. Mvua, foleni, sikukuu, malori kukosekana, yote unalipa. Saa husimama tu pale meli yenyewe inapokuwa na kasoro, kwa mfano injini kuharibika au winchi zake kufa, na hata hapo mpaka mkataba useme hivyo. Katika mkataba wa safari, muda wa baharini ni wa mwenye meli, lakini muda wa bandarini mnagawana. Mwenye meli anakupa saa kadhaa za kupakia au kupakua ambazo bei yake imo ndani ya nauli. Saa hizo ndizo leitaimu. Zikiisha kabla hujamaliza, unaanza kulipa fidia kwa siku, na fidia hiyo ndiyo demareji.

Neno hili la demareji linawachanganya wengi Mombasa kwa sababu wamelizoea kwenye makontena. Ile ya kontena unadaiwa na kampuni ya meli kwa kuchelewa kuliondoa kontena bandarini. Hii ninayoieleza ni ya meli nzima, inadaiwa na mwenye meli, na haina uhusiano na ada za kuhifadhi mzigo za Mamlaka ya Bandari. Unaweza kudaiwa zote kwa wakati mmoja, na kulipa moja hakupunguzi nyingine.

Hatua ya pili: piga hesabu mbili kabla ya kuchagua

Tuseme umepewa bei mbili kwa shehena ile ile.

Kwa mkataba wa safari: dola 24 kwa tani. Tani 30,000 zinafanya dola 720,000.

Kwa mkataba wa muda: dola 13,000 kwa siku, pamoja na dola 100,000 za mkupuo za kumfidia mwenye meli kwa kuileta meli tupu hadi Ghuba. Unakadiria siku 4 za kupakia, siku 10 za baharini na siku 8 za Mombasa, jumla siku 22. Kodi ni dola 286,000. Meli inakunywa tani 24 za mafuta kwa siku ikiwa safarini na tani 4 ikiwa bandarini, basi ni tani 240 na tani 48, jumla 288. Mafuta yakiwa dola 600 kwa tani ni dola 172,800. Weka dola 90,000 za ada za bandari mbili. Jumla kuu inakuja dola 648,800.

Hapo mwanafunzi wangu aliruka. Mkataba wa muda ni rahisi kwa dola 71,200! Ndivyo karatasi inavyosema, na ndivyo watu wengi wanavyoingia mtegoni. Swali la kuuliza ni hili: siku moja ya ziada Mombasa inanigharimu kiasi gani? Kodi dola 13,000, mafuta tani 4 kwa dola 2,400, jumla dola 15,400. Gawa 71,200 kwa 15,400, unapata siku 4 na zaidi kidogo ya nusu. Maana yake, faida yote ya mkataba wa muda inaliwa kabla siku ya 5 ya ziada kwisha.

Sasa jiulize kama una uhakika kuwa meli itaingia na kutoka Mombasa ndani ya siku 12 na nusu hivi. Mpigie wakala wa meli umuulize orodha ya meli zinazongoja gati la kichele kwa wiki unayotarajia. Angalia kalenda. Urea ya kukuzia inahitajika mashambani mvua za masika zikiwa zimeshashika, kwa hiyo meli nyingi za mbolea zinakuja pwani wakati ule ule ambapo mvua inanyesha Mombasa, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa. Urea ikilowa inaganda. Tone la kwanza likianguka, tumbo la meli linafunikwa na makuli wanakaa chini.

Maoni yangu ni haya: anayeagiza shehena moja au mbili kwa mwaka, na asiye na mtu wa kufuatilia meli usiku na mchana, achukue mkataba wa safari. Mkataba wa muda unamfaa mwenye mizigo ya mfululizo, kama klinka ya saruji inayoletwa mara kwa mara, na mwenye uwezo juu ya gati na malori yake. Huyo siku anazookoa ni zake.

Na kuna wengine wasiokodi meli kabisa: wananunua mzigo kwa bei ya CFR, yaani bei ya mzigo pamoja na nauli, na muuzaji ndiye anayekodi. Hao wasidhani wamepona. Mkataba wa mauziano nao huwa na kiwango cha kupakua na demareji, na muuzaji atakutumia dai. Hakikisha maneno ya leitaimu katika mauziano ni yale yale yaliyo katika chata, yaani mkataba wa kukodi meli, au uyaelewe peke yake kana kwamba hakuna mengine.

Hatua ya tatu: soma mistari mitano

FIOST kwenye mstari wa kwanza inasema gharama za kupakia, kupakua, kupanga na kusawazisha mzigo si za mwenye meli. Makuli unawalipa wewe.

Mstari wa pili ndio moyo. Umeahidi kupakua tani 3,000 kwa siku. Tani 30,000 gawa kwa 3,000 ni siku 10, yaani saa 240. Herufi PWWD zinasema siku zinazohesabiwa ni zile ambazo hali ya hewa inaruhusu kazi, na maneno yanayofuata yanafafanua kuwa siku ni saa 24 mfululizo, si saa za zamu. SHEX inaondoa Jumapili na sikukuu. UU inarudisha nyuma kidogo: mkifanya kazi siku hizo, saa mlizofanya zinahesabiwa. Ingekuwa EIU badala ya UU, hata mkifanya kazi zisingehesabiwa. Ingekuwa SHINC, Jumapili na sikukuu zote zingehesabiwa kama siku nyingine. Jumamosi katika mstari huu inahesabiwa nzima. Wengi hawalioni hilo hadi dai lifike.

Kabla ya kukubali tani 3,000, ipime kwa malori. Lori la tani 28 linahitajika mara 107 kwa siku. Hiyo ni lori moja kila dakika 13 na nusu, usiku na mchana, likipimwa mzani na kuondoka. Kama msafirishaji wako ana malori 60 na ghala lako linapokea mchana tu, kiwango hicho umekiahidi bila kuwa nacho. Afadhali ukubali nauli ya juu kidogo kwa kiwango cha tani 2,000.

Mstari wa tatu nitaueleza katika hatua inayofuata. Wa nne unasema demareji ni dola 14,000 kwa siku, na sehemu ya siku inalipwa kwa kadiri yake, yaani dola 583.33 kwa saa. Kinyume cha demareji ni dispachi, tuzo ambayo mwenye meli humpa mkodi akimaliza mapema, mara nyingi nusu ya kiwango cha demareji. Hapa wameandika kuwa haipo. Wa tano ni ile fomu ya GENCON, toleo la 1994.

Hatua ya nne: saa inaanza kugonga lini

Leitaimu haianzi meli inapoonekana. Inahitaji mambo matatu: meli iwe imefika, iwe tayari, na nahodha awe ametoa notisi ya utayari kwa wakala au mkodi.

Kufika kuna maana yake ya kisheria. Katika kesi ya meli Johanna Oldendorff, iliyoamuliwa London mwaka 1973, Baraza la Malodi lilisema meli inayongoja imefika bandarini ikiwa imo ndani ya mipaka ya bandari na iko chini ya amri ya mkodi mara moja na kikamilifu. Kwa hiyo meli iliyo nje ya mipaka, kwa sheria hiyo tupu, haijafika. Ndiyo maana dalali wa mwenye meli aliweka zile herufi za mstari wa tatu: notisi itolewe hata kama meli haimo bandarini, haiko gatini, haijapata kibali cha afya, na haijapitishwa na forodha. Ukizikubali zote nne, umechukua mzigo wa foleni ya Mombasa mgongoni mwako. Ukiweza kuzipunguza, pigania ile ya gati iondolewe kwanza. Mwenye meli akikataa, omba kiwango cha kupakua kiwe cha chini.

GENCON ya 1994 inatoa saa ya kuanzia. Notisi ikitolewa hadi saa sita mchana, leitaimu inaanza saa saba mchana siku hiyo hiyo. Ikitolewa baada ya hapo ndani ya saa za kazi, inaanza saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Meli ikiwa inangoja gati, muda unahesabiwa kama iko gatini, ila saa za kuhama kutoka nanga hadi gati hazihesabiwi.

Hapa niseme jambo ambalo wageni hawalipati lakini sisi linatuumiza. Hati zote za meli zimeandikwa kwa saa 24. Sisi tunasema saa saba mchana, hati inasema 1300. Ofisini kwetu kijana aliwahi kupokea ujumbe wa sauti kutoka gatini, "wameanza saa saba," akaandika 0700. Tulikaa wiki mbili tukibishana juu ya saa sita ambazo hazikuwepo. Tangu siku hiyo kila mtu wetu anaandika kwa tarakimu nne papo hapo, hata akiwa anaongea Kiswahili. Nami kuanzia hapa nitatumia tarakimu hizo.

Hatua ya tano: hesabu yenyewe

Mwaka wa mfano wetu Mei Mosi imeangukia Ijumaa. Meli imetia nanga nje Jumatatu 27 Aprili saa 0530. Nahodha ametoa notisi saa 0900. Kwa kuwa ni kabla ya 1200, leitaimu inaanza 1300. Gati halipo hadi Alhamisi. Matukio yote yanatoka katika hati ya matukio, ambayo wakala huiandika siku kwa siku na pande zote hutia sahihi.

| Siku | Kilichotokea | Saa zilizohesabiwa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Jtt 27 Aprili | kuanzia 1300, nanga | 11 | 11 |
| Jnn 28 | nanga | 24 | 35 |
| Jtn 29 | nanga, mvua 0200–0800 | 18 | 53 |
| Alh 30 | kuhama 1200–1500 | 21 | 74 |
| Ijm 1 Mei | sikukuu, hakuna kazi | 0 | 74 |
| Jms 2 | kupakua | 24 | 98 |
| Jpl 3 | kazi 0800–1600 | 8 | 106 |
| Jtt 4 | mvua saa 10 | 14 | 120 |
| Jnn 5 | kupakua | 24 | 144 |
| Jtn 6 | mvua saa 4 | 20 | 164 |
| Alh 7 | kupakua | 24 | 188 |
| Ijm 8 | malori hayakuja saa 9 | 24 | 212 |
| Jms 9 | kupakua | 24 | 236 |
| Jpl 10 | hakuna kazi | 0 | 236 |
| Jtt 11 | hadi 0400 | 4 | 240 |

Leitaimu imeisha Jumatatu 11 Mei saa 0400. Tazama jinsi siku 10 za mkataba zilivyonyooka zikawa karibu siku 14 za kalenda. Huo ndio msaada uliolipia katika nauli.

Mistari mitatu ya jedwali hili inahitaji maneno.

Jumatano 29 Aprili mvua ilinyesha meli ikiwa nanga, hakuna aliyekuwa akipakua, na bado tumezitoa saa 6. Ni sawa, kwa sababu maneno yetu yanasema siku za hali ya hewa ya kufanyika kazi, na meli inahesabiwa kama iko gatini. Kama ingekuwa gatini mvua ingeisimamisha. Lakini mawakala wengi hawaandiki mvua meli inapokuwa nje. Mwambie wakala wako kwa maandishi, tangu siku ya kwanza, aandike kila mvua na saa yake. Isipoandikwa utakuja kutafuta ushahidi miezi mitatu baadaye.

Jumapili 3 Mei mlifanya kazi saa 8, nazo zimehesabiwa kwa sababu ya UU. Msingefanya, zisingehesabiwa. Kuna wakodi wanaokataa kazi ya Jumapili ili kuokoa leitaimu, na ni kosa ikiwa wanajua watachelewa: saa ile ya kazi inapakua mzigo ambao baadaye ungepakuliwa kwa demareji.

Ijumaa 8 Mei malori hayakuja, meli ikakaa saa 9 ikitazamana na gati tupu. Zote zimehesabiwa. Malori ni yako.

Hatua ya sita: demareji

Meli ilimaliza Jumatano 13 Mei saa 1600. Kutoka 0400 Jumatatu ni saa 60. Jumatatu hiyo mvua ilinyesha kuanzia 0600 hadi 1800, saa 12 nzima, na mkodi wangu akataka zitolewe. Haziwezi kutolewa. Leitaimu ikishaisha, mvua, Jumapili na sikukuu hazikulindi tena, isipokuwa mkataba uwe umesema wazi kuwa zinakulinda hata kwenye demareji. Muda unakwenda mfululizo hadi mzigo uishe. Kinachoweza kukuokoa ni kosa la meli. Jumanne, winchi moja kati ya nne za meli iliharibika kuanzia 1000 hadi 1800. GENCON ya 1994 inaruhusu kutoa muda huo kwa kadiri ya winchi zilizokufa, hata kwenye demareji: robo ya saa 8 ni saa 2. Zinabaki saa 58, sawa na dola 33,833.

Sasa badilisha kitu kimoja kidogo. Tuseme nahodha alitoa notisi 1230 badala ya 0900. Leitaimu ingeanza Jumanne 0600, saa 17 baadaye. Jumamosi ya pili ungefunga na saa 219, ukabakiwa na 21. Jumatatu 11 Mei ungetumia 6 kabla ya mvua, mvua isingehesabiwa kwa sababu bado uko ndani ya leitaimu, ungetumia 6 nyingine usiku, na 9 za mwisho zingeisha Jumanne 0900. Demareji ingekuwa saa 31, toa zile 2 za winchi, 29. Saa 3 na nusu za notisi zimekuokolea saa 29, karibu dola 17,000. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuangalia notisi ni wewe: saa iliyopokelewa, meli ilikuwa wapi, ilikuwa tayari kweli. Notisi iliyotolewa meli haijafika panapotakiwa au haiko tayari haina nguvu, na haijirekebishi yenyewe baadaye.

Badilisha jingine: SHEX UU iwe SHINC. Ijumaa ya Mei Mosi inaongeza saa 24, Jumapili ya kwanza 16, ya pili 24. Leitaimu ingekwisha Ijumaa 8 Mei saa 1200, na demareji ingefika dola 71,167. Neno moja, zaidi ya maradufu.

Hatua ya saba: rudi kwenye zile hesabu mbili

Mkataba wa safari umekugharimu dola 720,000 na 33,833 za demareji, jumla 753,833.

Kwa mkataba wa muda, meli imekaa Mombasa siku 16 na nusu badala ya 8. Siku 8 na nusu za ziada kwa dola 15,400 ni dola 130,900. Jumla inakuwa dola 779,700. Ile faida ya 71,200 imeliwa yote, na hasara ya karibu dola 26,000 imekaa mahali pake. Hapa ungeweza kudai kusimamishwa kwa kodi kwa ile winchi, kama mkataba unaruhusu, lakini ni saa chache tu. Hakuna mvua wala foleni utakayoitoa.

Lau meli ingeingia gatini siku ile ile na mvua isinyeshe, mkataba wa muda ungeshinda. Na jua jambo moja kama siku moja utakodi kwa muda kisha uuze nafasi kwa mwenzako kwa mkataba wa safari: kwake wewe ndiye mwenye meli. Unalipa kodi juu, unadai demareji chini, na leitaimu uliyomwandikia mwenzako ndiyo ngao yako pekee.

Hatua ya nane: karatasi za kushika

Hati ya matukio usiitie sahihi kavu. Kama hukubaliani na saa fulani, andika pingamizi juu ya hati yenyewe kabla ya sahihi, kwa maneno machache: saa ngapi, kwa nini. Wakala wa meli, hata akiwa mtu wako wa karibu, ameteuliwa kuandika yaliyotokea. Kukupigania haki yako si kazi yake.

Weka pamoja notisi yenye saa ya kupokelewa, hati ya matukio, kumbukumbu za mvua, karatasi za mzani za malori, na barua pepe zote za siku ya kwanza. Mikataba mingi inaweka siku za mwisho za kuleta dai pamoja na hati zake. Tafuta namba hiyo kabla ya kutia sahihi chata na uiandike ukutani.

Kijana wangu aliniuliza mwisho, angebadilisha neno gani kwenye ile barua pepe kama angekuwa na nafasi moja tu. Nilimwambia aache nauli ilivyo, aombe tani 2,000 badala ya 3,000. Siku 10 zingekuwa 15, na meli ile ile, kwa mvua ile ile na malori yale yale, ingeondoka Kilindini bila deni la demareji. Dalali alijibu jioni hiyo: 2,500, na senti 40 zaidi kwa tani. Tukakaa tena na kalamu. Senti 40 kwa tani 30,000 ni dola 12,000. Tani 2,500 zinatoa siku 12, yaani saa 48 za ziada. Ukiziongeza kwenye lile jedwali, mvua ya Jumatatu inaanguka tena ndani ya leitaimu, saa 2 za winchi zinatolewa, na leitaimu inaisha Jumatano 13 Mei saa 1800, saa 2 baada ya mzigo kwisha. Akakubali.